SHULE BINAFSI: MAJENGO YA KWANZA HULA NUSU YA MTAJI, NUSU NYINGINE HULIWA KABLA SHULE HAIJAJILIPA

Wafanyabiashara wengi wanaoingia katika biashara ya shule hupiga hesabu ya tofali, saruji na mabati kwa umakini mkubwa, kisha hufungua milango wakiwa wamebakiwa na fedha za kulipa mishahara ya miezi miwili. Shule ikitetereka katika mwaka wa pili, lawama huenda kwa wazazi wasiolipa ada. Mara nyingi chanzo halisi ni mpango wa biashara ambao haukuonyesha fedha zitakazoliwa katika miaka mitatu ya kwanza, wakati mwalimu analipwa mshahara kamili huku nusu ya viti darasani vikiwa vitupu.

Tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliporekebishwa mwaka 1995, njia ya watu binafsi kumiliki shule za awali na za msingi nchini Tanzania ilifunguka, na shule za mchepuo wa Kiingereza zimeota pembezoni mwa karibu kila mji. Kwa mwenye mtaji mdogo, biashara hii ina mvuto wake. Mzazi hulipa kabla ya kupata huduma, mteja mmoja hukaa miaka saba au minane, na bidhaa haiozi ghalani. Hata hivyo, ni biashara inayokua kwa mwendo wa mtoto mwenyewe, darasa moja kwa mwaka, na hakuna fedha inayoweza kuiharakisha kupita hapo.

Ili jambo hili lionekane, uchukuliwe mfano wa wanahisa watatu wanaotaka kuanzisha shule ndogo ya awali na msingi nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, wa pili ni mfanyabiashara wa nafaka, na wa tatu ni mwalimu mstaafu aliyeamua kuweka mafao yake ya uzeeni na kuwa mwalimu mkuu. Kiwanja wanacho tayari, na mkononi wana jumla ya Sh. milioni 200. Takwimu za mfano huu ni za kufanyia hesabu, na kila mwekezaji atapaswa kuweka bei za mahali pake. Njia ya kuhesabu ndiyo haibadiliki.

Hesabu ya karatasi ya kwanza

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja na mpango wa ukurasa mmoja. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi ni ya miaka sita badala ya saba. Ukiongeza miaka miwili ya watoto wadogo, yaani chekechea na awali, shule inahitaji madarasa manane. Kila darasa watoto 30, jumla watoto 240. Ada Sh. 1,200,000 kwa mwaka. Mapato ni Sh. milioni 288. Mishahara na matumizi mengine havitazidi milioni 170, hivyo faida ni zaidi ya milioni 110 kwa mwaka. Pendekezo lake lilikuwa kujenga vyumba vyote kwa mara moja na kukopa benki kiasi kinachopungua.

Mwalimu mstaafu aliuliza swali moja tu: hao watoto wa darasa la sita watatoka wapi mwaka wa kwanza?

Swali hilo ndilo mpango wote wa biashara. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la tano hamhamishii katika shule ambayo haijawahi kufanyisha mtihani hata mmoja. Shule mpya hupata watoto wadogo, na madarasa ya juu hujazwa na watoto hao hao wakipanda. Kwa hiyo shule ya madarasa manane inayoanza na madarasa matatu, yaani chekechea, awali na darasa la kwanza, hufikisha madarasa yote katika mwaka wa sita.

Uandikishaji uhesabiwe darasa kwa darasa

Kosa la kawaida katika mipango ya shule ni kuandika kwamba idadi ya wanafunzi itakua kwa asilimia kadhaa kila mwaka. Asilimia hazina watoto ndani yake. Njia iliyo sahihi ni kuchukua kila darasa lililopo, kutoa wanaoondoka, kuongeza wanaohamia, na kulipandisha darasa la mbele.

Katika mfano huu, mwaka wa kwanza shule inapata watoto 18 wa chekechea, 14 wa awali na 10 wa darasa la kwanza, jumla 42. Mwaka wa pili wale 18 wa chekechea wanapanda awali. Wawili wanaondoka kwa sababu wazazi wamehama au wameshindwa ada, wanne wapya wanaingia, na darasa linakuwa na watoto 20. Wale 14 wa awali wanakuwa 16 katika darasa la kwanza, na wale 10 wanakuwa 11 katika darasa la pili. Chekechea mpya inapata 22. Jumla inakuwa 69.

Ukiendelea hivyo, shule inakuwa na watoto 98 mwaka wa tatu, 126 mwaka wa nne, 152 mwaka wa tano na 176 mwaka wa sita. Ongezeko ni la watoto kati ya 24 na 29 kila mwaka. Si ukuaji mbaya hata kidogo, lakini mwaka wa sita shule bado ina pengo la watoto 64 ukilinganisha na ile karatasi ya kwanza. Pengo hilo liko zaidi katika madarasa ya juu, kwa kuwa darasa lililoanza na watoto 10 linafika darasa la sita likiwa na watoto wale wale 10 au karibu yao.

Ada inayoandikwa na ada inayoingia

Ada ya Sh. 1,200,000 haiingii yote. Shule nyingi hutoa punguzo kwa mzazi mwenye watoto wawili au watatu, na kwa watoto wa walimu wake. Punguzo hilo katika mfano huu linachukua wastani wa Sh. 60,000 kwa kila mtoto. Aidha, wako wazazi watakaomaliza mwaka wakidaiwa, na sehemu ya deni hilo haitalipwa kamwe kwa kuwa mtoto atahamishwa. Hapo zinapotea Sh. 90,000 nyingine kwa wastani. Kinachoingia ni Sh. 1,050,000 kwa mtoto, na hiyo ndiyo namba ya kufanyia mpango.

Chakula na basi havikutiwa humo. Wanahisa wameamua vitozwe peke yake na vijilipie, daftari lake likae mbali na la ada. Basi hasa limezifilisi shule nyingi kimyakimya, kwa sababu mapato yake hutoka kwa watoto wachache waliotawanyika, ilhali mafuta, matairi na mshahara wa dereva havipungui.

Lipo pia suala la kodi ya ongezeko la thamani. Huduma ya elimu imesamehewa kodi hiyo, hivyo mzazi halipi asilimia 18 juu ya ada. Upande wa pili wa msamaha huo ni kwamba shule haiwezi kudai irudishiwe kodi iliyolipa kwenye saruji, nondo na madawati. Mwenye duka aliyezoea kurejeshewa kodi ya manunuzi anatakiwa kuandika bei kamili, kodi ikiwa ndani.

Mwalimu analipwa darasa zima hata kama limejaa nusu

Gharama kubwa ya shule ni watu. Mwalimu mwenye mshahara wa Sh. 600,000 kwa mwezi anaigharimu shule zaidi ya hapo. Mwajiri huchangia asilimia 10 katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na nusu ya asilimia moja katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Jumla inakuwa Sh. 663,000 kwa mwezi, yaani karibu Sh. milioni 8 kwa mwaka. Mwaka huo ni wa miezi 12, ingawa watoto hawasomi miezi 12.

Idadi ya walimu nayo haiendi sawa na idadi ya madarasa. Watoto wadogo wanaweza kufundishwa na mwalimu mmoja wa darasa, lakini kuanzia darasa la tatu masomo huongezeka na huhitaji walimu wa somo. Pia lazima awepo wa kushika darasa mwenzake anapougua au kujifungua. Katika mfano huu shule inaanza na walimu wanne, inakuwa na saba mwaka wa tatu, wanane mwaka wa nne, na 11 mwaka wa sita.

Mwalimu mkuu ni yule mstaafu, ambaye ni mwanahisa. Alipendekeza asilipwe mwanzoni ili kuisaidia shule. Mfanyabiashara wa nafaka alikataa, na alikuwa na hoja. Kazi isiyolipwa huficha hasara. Siku mwalimu huyo akichoka au akiugua, shule italazimika kuajiri mtu kwa Sh. milioni moja kwa mwezi, na hapo ndipo ukweli utakapojulikana. Basi mshahara wake uliandikwa tangu siku ya kwanza, Sh. milioni 13.3 kwa mwaka pamoja na michango.

Watumishi wasiofundisha, yaani mhasibu, mlinzi, mhudumu wa usafi na mlezi wa watoto, wanagharimu wastani wa Sh. milioni 4.5 kila mmoja kwa mwaka. Umeme, maji, ukarabati na mahitaji ya ofisi ni Sh. milioni 12 kwa mwaka, na kila mtoto anaongeza Sh. 100,000 za vitabu, karatasi na mitihani.

Kwa thamani ya shilingi ya mwaka wa kwanza, hesabu inasimama hivi:

Mwaka wa 1: watoto 42, mapato milioni 44.1, matumizi milioni 79.5, nakisi milioni 35.4.
Mwaka wa 2: watoto 69, mapato milioni 72.5, matumizi milioni 90.2, nakisi milioni 17.7.
Mwaka wa 3: watoto 98, mapato milioni 102.9, matumizi milioni 113.6, nakisi milioni 10.7.
Mwaka wa 4: watoto 126, mapato milioni 132.3, matumizi milioni 128.9, ziada milioni 3.4.
Mwaka wa 5: watoto 152, mapato milioni 159.6, matumizi milioni 147.5, ziada milioni 12.1.
Mwaka wa 6: watoto 176, mapato milioni 184.8, matumizi milioni 162.4, ziada milioni 22.4.

Jambo la kuangalia katika orodha hiyo ni kwamba idadi ya watoto wanaotosha kuilipia shule inasogea mbele kila mwaka. Kila mtoto huleta Sh. 1,050,000 na kugharimu 100,000, hivyo anabakiza Sh. 950,000 za kulipia watu na majengo. Mwaka wa kwanza walihitajika watoto 80. Mwaka wa tatu, kwa kuwa walimu wameongezeka, wanahitajika 110. Mwaka wa nne wanahitajika 123, na mwaka wa sita 153. Mwenye shule anayesema "tukifika watoto 100 tumepona" amepiga hesabu ya mwaka wa kwanza na kuisahau ya mwaka wa tatu.

Majengo yapande pamoja na watoto

Mpango wa kujenga vyumba vyote kwa pamoja uliachwa. Badala yake, milioni 200 za kwanza zinajenga vyumba vitano kwa Sh. milioni 28 kila kimoja pamoja na madawati: vitatu vya madarasa ya kuanzia, kimoja cha ofisi na walimu, na kimoja cha darasa la mwaka wa pili. Hizo ni milioni 140. Vyoo ni milioni 14, maji na umeme milioni 12, uzio milioni 20, jiko milioni 10, na ramani, vibali na ukaguzi milioni 4. Kwa kulinganisha, Serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 ilitenga Sh. milioni 20 kwa chumba. Kiwango hicho ni kipimo kizuri cha kumwuliza fundi anayetaja bei ya ajabu, ingawa bei za vifaa zimebadilika tangu wakati huo.

Kuanzia mwaka wa pili, shule inajenga chumba kimoja kila mwaka kwa ajili ya darasa la mwaka unaofuata, hadi vitimie vinne zaidi. Mwaka wa nne inaongeza vyoo kwa milioni 12, kwa kuwa uwiano wa matundu ya vyoo na watoto ni kati ya mambo ambayo wathibiti ubora wa shule huangalia.

Sasa jumla inaweza kupigwa. Majengo ya kwanza ni milioni 200. Nakisi ya miaka mitatu ni karibu milioni 64. Vyumba vya mwaka wa pili na wa tatu ni milioni 56. Mwaka wa nne shule inapata ziada ya milioni 3.4 lakini inajenga kwa milioni 40, na mwaka wa tano inapata 12.1 na kujenga kwa 28. Fedha iliyozama inafikia kilele mwishoni mwa mwaka wa tano, karibu Sh. milioni 372.

Juu ya hiyo inahitajika akiba ya kuvukia miezi mikavu. Ada hulipwa kwa awamu nne: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Mwezi Novemba na Desemba hakuna kinachoingia, na mishahara ya mwaka wa kwanza pekee ni zaidi ya Sh. milioni 5 kila mwezi. Wanahisa wameweka milioni 15 ambazo hazitaguswa kwa ujenzi. Mtaji kamili unakuwa karibu milioni 387. Milioni 200 zinafungua milango, na milioni 187 ndizo zinazoifikisha shule mahali pa kujilipa.

Mkopo unakuja lini?

Hapa ndipo karatasi ya kwanza ingewaangusha. Mkopo wa Sh. milioni 150 kwa riba ya asilimia 17 na marejesho ya miaka mitano unadai karibu milioni 47 kila mwaka. Mwaka wa kwanza shule ina nakisi ya milioni 35 kabla ya kulipa benki hata senti. Wanahisa wangetakiwa kutoa mfukoni milioni 82 katika miezi 12, na dhamana ya mkopo huo ingekuwa nyumba ya mmoja wao. Shule hii haipati ziada ya milioni 45 hadi mwaka wa nane, ikiwa na watoto 200. Mkopo wa miaka mitano ungekuwa umekwisha muda wake kabla shule haijaweza kulipa awamu moja kwa nguvu zake.

Kwa hiyo walikubaliana kuongeza hisa kila mwaka kwa kiasi kinachojulikana mapema: milioni 50 mwaka wa kwanza, ikiwemo akiba, kisha 46, 39 na 37. Mwaka wa tano pengo ni milioni 16 tu, na hapo mkopo unafaa. Kwa riba ile ile na muda wa miaka mitatu, marejesho ni karibu milioni 7.2 kwa mwaka, wakati ziada ya mwaka wa sita ni milioni 22.4, yaani mara tatu ya deni. Benki nayo itakuwa na vitabu vya miaka minne vya kuangalia.

Lilibaki suala la mwalimu mstaafu, ambaye hana chanzo kingine cha kuongeza hisa. Fungu lake lingepungua kila wenzake wanapoongeza. Mkataba wa wanahisa uliandika kwamba hisa mpya zitauzwa kwa bei iliyokubaliwa kabla na si kwa bei ya shida, na kwamba hakuna atakayechukua gawio kabla ya akiba ya mishahara ya miezi mitatu kutimia. Kipengele hicho kisipokuwepo, mwenye fedha kidogo hujikuta ametolewa kwenye shule aliyoijenga.

Mahali mpango unapovunjika

Mpango huu hauna mafuta mengi. Uandikishaji ukipungua kwa mtoto mmoja katika kila watano, mwaka wa nne shule itakuwa na watoto 101 badala ya 126. Ziada ya milioni 3.4 inageuka nakisi ya zaidi ya milioni 20, maana walimu ni wale wale. Mwenye shule anayeona chekechea ya mwaka wa pili imepata watoto 14 badala ya 22 hapaswi kungoja. Anatakiwa kuahirisha chumba kinachofuata na kuchelewesha ajira moja mwaka huo huo, kwa sababu pengo hilo litapanda naye hadi darasa la sita.

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kushusha ada. Ada ikishushwa kwa asilimia 10, mtoto anabakiza Sh. 845,000 badala ya 950,000, na idadi ya kujilipa katika mwaka wa nne inapanda kutoka 123 hadi 138. Shule italazimika kupata watoto 12 zaidi ya wale 126 iliowatarajia, ili tu ijilipe. Kama ni lazima kumsaidia mzazi, ni nafuu zaidi kumgawia awamu ndogondogo kuliko kupunguza bei ya wote.

Hatari ya tatu ni usajili. Maombi ya kuanzisha shule, idhini ya mmiliki na meneja, na usajili wenyewe hupitia kwa wathibiti ubora na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Shule isiyosajiliwa haiwezi kusajili watahiniwa wake katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unaoendeshwa na Baraza la Mitihani. Shule inayoanza na darasa la kwanza ina miaka mitatu tu kabla darasa hilo halijafika la nne. Usajili ukikwama mwezi wa Januari, mwaka mzima wa uandikishaji umepotea, lakini mlinzi na mwalimu mkuu wanaendelea kulipwa.

Hatari ya nne ni walimu wenyewe. Serikali inapotangaza ajira za walimu, shule binafsi hupoteza watu katikati ya muhula. Mzazi anayekuta mtoto wake amebadilishiwa mwalimu mara mbili kwa mwaka ndiye wa kwanza kuhama. Nafasi ya mwalimu mmoja wa ziada, ambayo mhasibu angependa kuifuta, imewekwa kwa sababu hiyo.

Kwa anayetaka kununua hisa katika shule iliyopo

Mwekezaji mdogo anayealikwa kununua hisa katika shule inayoendelea haitaji kuanza na majengo. Aombe vitu vitatu. Cha kwanza ni rejista ya kila darasa kwa miaka mitatu mfululizo. Kama chekechea ina watoto 28 lakini awali ina 20 na darasa la kwanza 15, na hali ni hiyo kila mwaka, basi watoto wanaingia na kutoka, na shule inatumia fedha nyingi kuwatafuta wapya. Cha pili ni daftari la ada kwa awamu. Deni la awamu ya kwanza ambalo halijalipwa hadi Oktoba lihesabiwe kuwa limepotea. Cha tatu ni stakabadhi za michango ya NSSF kwa miezi 12. Shule inayopungukiwa fedha huanza kuchelewesha michango kabla ya kuchelewesha mishahara, kwa kuwa mwalimu hupiga kelele mapema kuliko mfuko.

Thamani ya shule iko katika viti vya mwisho. Shule ya mfano ikiwa na madarasa manane na watoto 176 inabakiza milioni 22.4, ambayo ni asilimia sita tu ya milioni 372 zilizozama. Ikifikisha watoto 224, yaani 28 kwa kila darasa, bila kuongeza mwalimu wala chumba, inabakiza karibu milioni 68, asilimia 18, kabla ya uchakavu wa majengo na kodi ya mapato ya kampuni. Tofauti yote hiyo ni ya watoto 48. Mwenye fedha anayeweza kupata riba ya hatifungani za Serikali akiwa amekaa nyumbani anapaswa kujiuliza kama shule anayoonyeshwa inaweza kuwapata watoto hao, na katika mwaka wa ngapi.

Wanahisa wa Morogoro walikubaliana kipimo kimoja cha kusimama. Januari ya mwaka wa pili, kama jumla ya watoto itakuwa chini ya 55, chumba cha sita hakitajengwa, na hisa za mwaka huo zitalipia mishahara peke yake. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ndiye aliyeandika kipengele hicho kwa mkono wake.